Selimundu: Mikono na miguu ya mtoto mdogo inapovimba kwa maumivu

Mtoto wa miezi tisa aliyekuwa akitambaa anaamka akilia, hataki kushikwa viganja, na migongo ya mikono na miguu yake imevimba. Jana hakuanguka wala hakuumwa na mdudu. Kwa familia nyingi katika ukanda wetu, hii huwa ishara ya kwanza ya ugonjwa wa selimundu, hata pale ambapo hakuna anayejua kwamba ugonjwa huo umo katika ukoo.

Nchini Uganda, uchunguzi wa sampuli za damu za watoto karibu laki moja, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016, ulibaini kuwa asilimia 13.3 walikuwa wamebeba kinasaba cha selimundu na asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Mwenye kinasaba kimoja kwa kawaida huishi bila dalili. Ndiyo maana baba na mama wenye afya njema wanaweza kumzaa mtoto mgonjwa pasipo kutarajia.

Kwa nini mikono na miguu?

Katika miezi ya mwanzo, mtoto bado ana himoglobini aliyozaliwa nayo, ambayo huzuia chembe nyekundu za damu zisijikunje. Himoglobini hiyo inapopungua, kuanzia takribani mwezi wa sita, chembe hugeuka umbo la mundu, hukakamaa na kuziba mishipa myembamba. Katika umri huo, mifupa midogo ya viganja, nyayo na vidole bado ina uboho unaotengeneza damu. Damu isipoufikia, uboho hukosa hewa ya oksijeni, na matokeo yake ni maumivu makali na uvimbe. Mtoto anapokua, uboho huo huhama kutoka mifupa hiyo. Kwa hiyo hali hii huonekana zaidi kati ya miezi sita na miaka miwili, na ni nadra baada ya miaka minne.

Kipimo cha kidole gumba

Uvimbe wa miguu ya mtoto mara nyingi hudhaniwa kuwa utapiamlo. Kidole gumba husaidia kutofautisha. Mguu wa mtoto mwenye utapiamlo ukibonyezwa taratibu kwa sekunde tatu, hubaki shimo; uvimbe huwa miguuni kote kuwili, na kwa kawaida hauumi. Uvimbe wa selimundu hauachi shimo, ni wa moto kidogo, na mtoto hulia ukiguswa tu. Hali zote mbili zinahitaji kituo cha afya, lakini tiba zake ni tofauti.

Uvimbe ukiwa sehemu moja tu, ukawa mwekundu, na mtoto akawa na homa, huenda ni bakteria walioingia kwenye mfupa. Picha ya eksirei ya siku za mwanzo haitoshi kuamua, kwa sababu mabadiliko ya mfupa huchelewa kuonekana.

Nyumbani na kituoni

Mtoto anyonyeshwe mara kwa mara au apewe maji zaidi ya kawaida, kwa kuwa ukavu wa mwili huzidisha kuziba kwa mishipa. Afunikwe apate joto. Asiwekewe barafu, asichanjwe chale, wala asifungwe kitambaa cha kubana. Dawa ya parasetamoli hupimwa kwa uzito: miligramu 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo nane hupata miligramu 120, ambazo ni mililita tano za dawa ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita tano. Dozi zipishane kwa saa sita, zisizidi nne kwa siku. Asipewe aspirini.

Uvimbe huu ukionekana kwa mara ya kwanza, mtoto apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Asicheleweshwe hata saa moja, iwe usiku au mchana, akiwa na joto la nyuzi 38.5 au zaidi, akipumua kwa kasi, akilegea, akikataa kunyonya, viganja vikipauka, au upande wa kushoto wa tumbo ukivimba ghafla. Wengu, yaani bandama, wa watoto hawa hudhoofika mapema, na maambukizi ya damu yanaweza kuua kwa muda wa saa chache.

Uvimbe wenyewe kwa kawaida huisha katika wiki moja au mbili. Hapo ndipo wazazi wengi hukosea: mkono ukirudi hali yake, hawarudi kliniki. Waombe kipimo cha aina za himoglobini, kwani kipimo cha haraka cha kukunja chembe hakitenganishi mgonjwa na mbebaji. Ugonjwa ukithibitika, mtoto huanzishiwa penisilini ya kila siku hadi miaka mitano, kinga ya malaria, na chanjo zote kwa wakati. Dawa ya haidroksiyurea, inayopunguza mashambulizi ya maumivu, inaweza kuanzishwa tangu miezi tisa chini ya usimamizi wa daktari.