Maneno ya Chini ya Picha ya Idi

Kila asubuhi ya Idi, watu wakisharudi kusali, familia hukusanyika barazani kupiga picha. Kanzu bado zina mikunjo ya pasi na nguo za kina mama zinanukia udi. Picha hutumwa kwa jamaa wa Unguja, Mombasa na Maskati, na chini yake huandikwa dua ndefu iliyonakiliwa kutoka kwa mwengine, ambayo jamaa hao wameshaipokea mara kumi siku hiyo.

Dua yenyewe haina kosa. Tatizo ni kwamba haina nyumba. Inapata nyumba ikiegemezwa kwenye kumbukumbu moja ya watu waliomo pichani, moja tu, na kitu chake kionekane kwenye picha.

Mwaka jana niliandika: "Idi Mubarak kwa wote. Tunawakumbuka wazee wetu na mapenzi yao." Dada yangu akaniuliza, wazee gani, mapenzi yapi? Nikaitazama tena picha. Mtoto wa kaka alikuwa amevaa kofia ya vito aliyoishona babu. Nikafuta, nikaandika:

"Idi Mubarak kutoka nyumbani. Kofia hii aliishona babu. Usiku wa mwandamo alikuwa akiifua, akaitia wanga, akaivisha bakuli lililofudikizwa ili asubuhi ikae wima. Jana tumeianika sisi, bakuli lile lile. Allah amrehemu babu, atutakabalie sisi nanyi funga zetu. Amin."

Salamu imetangulia kwa sababu ndiyo haki ya kila anayesoma, hata asiyemjua babu. Kumbukumbu imekaa katikati, na dua ya mwisho imetoka humo humo: anayeombewa ndiye aliyetajwa. "Atutakabalie sisi nanyi" ndiyo maana ya Takabbalallahu minna wa minkum, maneno yaliyopokewa kwamba masahaba wakiambiana wakikutana siku ya Idi. Ukiyaandika kwa Kiarabu, usirudie tena maana yake, moja linatosha.

Angalia pia ni Idi ipi. Kutaja funga kunafaa Idi ya mwezi mosi Mfunguo Mosi, baada ya Ramadhani. Ile ya mwezi kumi Mfunguo Tatu ni ya kuchinja, na hapo huombewa mahujaji na wenye kuchinja. Anayenakili maneno ya zamani ndiye hujikwaa hapa, akaombea Ramadhani iliyopita miezi miwili nyuma.

Na usiweke kumbukumbu mbili. Nilitamani kuongeza mikate ya kumimina ya bibi, lakini ingemfunika babu na kofia yake. Bibi nimemwekea Idi ijayo.

Kabla ya kutuma, msomee mtu mzima aliyekuwepo. Mama aliponisikiliza alinirekebisha: bakuli lilikuwa la bati, si la udongo kama nilivyokuwa nikidhani. Muulize mama yako leo, angali yupo wa kujibu.