Gisozi asubuhi, mchana uachwe wazi

Ratiba nyingi za likizo ya Kigali zimejaa kama daladala ya saa 12 jioni: makumbusho ya Gisozi asubuhi, kanisa la Nyamata kabla ya chakula, soko la Kimironko alasiri, muziki usiku. Ukifuatana na kundi lenye ratiba hiyo utaona jambo moja. Adabu hupungua kadiri watu wanavyochoka. Mgeni aliyeingia Gisozi kimya, amevua kofia, saa chache baadaye anachati kwenye simu mbele ya mafuvu ya watu. Si mtu mbaya. Moyo wake umeshajaa, na ratiba bado inamsukuma.

Ndiyo maana nashauri eneo moja kwa siku, na liwe asubuhi.

Gisozi ni kilima ndani ya Kigali. Hapo wamezikwa watu zaidi ya 250,000 waliouawa mwaka 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na makumbusho yake yalifunguliwa miaka kumi baadaye. Kuingia ni bure, ila kifaa cha kusikilizia maelezo hulipiwa. Tenga saa mbili hadi tatu. Ukitoka Dar es Salaam au Nairobi kumbuka kwamba saa ya Kigali iko nyuma kwa saa moja, hivyo tumbo lako litadai chakula mapema. Kunywa chai ya kushiba kabla ya kwenda, maana njaa nayo humfanya mtu apite mbiombio.

Ndani kuna historia ya namna chuki ilivyopandwa tangu enzi za ukoloni, kisha picha za marehemu zilizotolewa na familia zao. Chumba cha watoto ndicho kinachowavunja wengi. Kila picha kubwa ina maelezo mafupi: mtoto alipenda chakula gani, alicheza mchezo gani, aliuawaje. Usiwaingize humo watoto wadogo kwa kuwa tu hamna wa kuwaachia. Mzazi mmoja abaki nao bustanini, kisha mpokezane.

Dalili za kuzidiwa si machozi peke yake. Ukiona umesoma bango zima na hukumbuki neno, au mwenzako ameanza utani usio na mahali, tokeni nje mkae. Hakuna anayewahesabia vyumba.

Nje kuna makaburi ya pamoja yaliyofunikwa kwa mabamba mapana ya zege. Usiyakanyage wala kuyakalia, hata kama yanaonekana kama baraza. Kuhusu picha, uliza mapokezi kabla hujatoa simu, na ya kujipiga mwenyewe iache kabisa. Anayekuongoza anaweza kuwa mmoja wa walionusurika. Akisimulia yake, msikilize, asiposimulia, usimchimbe. Na usimwulize mtu yeyote Rwanda kabila lake, awe mwongozaji au dereva anayewarudisha hotelini. "Poleni" inatosha, halafu nyamaza.

Sasa mchana. Wapo wanaoona kwamba kula vizuri baada ya Gisozi ni kuwakosea marehemu. Sikubaliani nao. Wenyeji wa Kigali wanaishi na kumbukumbu hizo mwaka mzima, na wanakula, wanacheka na kuoa. Kaeni mezani bila haraka, mkijua kwamba mazungumzo yatachelewa kuja. Baadaye tembeeni Nyandungu, hifadhi ya ardhi oevu iliyo mjini humo humo, au nendeni Nyamirambo, mtaa wa zamani wa Waislamu ambako Kiswahili kinasikika kila kona na kikombe cha chai hakikosekani. Safari ndefu ya gari, kama ile ya kwenda Musanze kwa sokwe, iwe kesho yake. Usiku lala mapema, kwa sababu picha za asubuhi hurudi mtu akiwa kitandani.

Nyamata ipewe asubuhi yake, siku nyingine, ukipenda. Ni mwendo wa takriban saa moja kwa gari kusini mwa Kigali, katika wilaya ya Bugesera. Kanisa lile ni gumu kuliko Gisozi, kwa kuwa halina mabango mengi ya kukuegemeza: nguo za waliouawa, paa lenye matundu, na chini yake mifupa. Humo picha hazipigwi. Nusu saa inaweza kukutosha. Ukiona Gisozi imekutosha, usiende; hakuna deni.

Anayetaka likizo ya muziki na sherehe asipange wiki ya Aprili 7 hadi 13. Hiyo ni wiki ya maombolezo ya taifa, burudani husimama, na katika siku hizo maeneo haya hujaa familia zilizokuja kwa wafu wao.