Swali Wazi na Swali Funge katika Kumwalika Mgonjwa Kueleza Haja Yake

Makala haya yanafafanua namna umbo la swali linavyoathiri yale ambayo mgonjwa humweleza tabibu. Swali funge hujibiwa kwa ndiyo au hapana. Swali wazi humwachia mgonjwa ataje jambo mwenyewe.

Katika Kiswahili, mazoea ya kukanusha huanzia kwenye salamu. "Hujambo?" ina umbo la ukanushi, na "Sijambo" hujibiwa hata na mwenye maumivu. Tabibu anapohitimisha kwa "Huna tatizo jingine?", hurudia umbo hilohilo. Jibu jepesi ni "Sina", na mama aliyemleta mtoto mwenye homa huondoka bila kusema kwamba yeye mwenyewe hapati usingizi. Dalili ya kasoro hii ni jibu la haraka la neno moja, kisha haja halisi kutajwa mlangoni.

Utafiti wa Heritage na wenzake nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2007, ulionesha kuwa swali funge lenye mwelekeo wa kukubali lilipunguza haja zisizotajwa kwa asilimia 78. Lenye mwelekeo wa kukanusha halikuleta tofauti bayana. "Ni lipi jingine ungependa tulizungumze?" huenda mbali zaidi, kwa kuwa huchukulia kwamba jambo lipo.

Hata hivyo, mgonjwa hataji dalili asiyoijua kuwa ya hatari. Kutokwa damu wakati wa ujauzito, kwa mfano, kunapaswa kuulizwa waziwazi. Kwa hiyo fomu za kliniki zianze na swali wazi, kisha zifuate funge.