Kadi ya Njano na Vidonge vya Malaria: Ujumbe wa Wakala Uanzie Kwenye Tiketi

Mawakala wengi wa usafiri huwatumia wateja ujumbe wiki chache kabla ya safari, na ndani yake mara nyingi hamkosi mstari wa namna hii: "Wasafiri waendao Tanzania wanashauriwa kupata chanjo ya homa ya manjano na dawa za malaria. Tafadhali muone daktari wako." Hakuna uongo hapo, ila hakuna msaada pia. Mambo mawili yasiyofanana yamefungwa pamoja, na msomaji mwenye haraka anabaki akidhani kwamba akishachomwa sindano moja kazi imekwisha.

Kadi ya njano, yaani cheti cha kimataifa cha chanjo ya homa ya manjano, inailinda nchi unayoingia. Shirika la Afya Duniani haliihesabu Tanzania miongoni mwa nchi zenye hatari ya maambukizi ya homa ya manjano, lakini mbu anayeweza kuieneza yupo. Anachohofia afisa wa afya wa mpakani ni mgeni kuingia na virusi mwilini, aumwe na mbu wa hapa, na ugonjwa upate makazi mapya. Vidonge vya malaria havimhusu afisa huyo hata kidogo. Malaria tayari ipo nchini, wala hakuna atakayekusimamisha mpakani akidai cheti chake. Vidonge hivyo vinakulinda wewe, na usipovimeza hakuna atakayejua mpaka homa ipande.

Ndiyo maana swali la kadi halijibiwi kwa jina la nchi unayokwenda. Linajibiwa kwa kuangalia umetokea wapi na umepitia wapi. Tanzania huidai kadi kwa msafiri wa umri wa mwaka mmoja na kuendelea anayetoka nchi yenye hatari, na pia kwa aliyesubiri ndege ya kuunganisha kwa zaidi ya muda wa saa 12 katika kiwanja cha nchi kama hiyo. Kenya, Uganda, Burundi, Kongo na Ethiopia zote zimo katika orodha ya nchi zenye hatari. Uingereza haimo.

Tuchukue familia ya mfano inayoishi Birmingham: baba, mama, babu wa miaka 68, na mtoto wa kike atakayetimiza mwaka mmoja tarehe 20 Desemba. Wanaondoka tarehe 14 Desemba kwenda Tanga kumwona bibi mzaa mama. Wakala amewapatia tiketi ya bei nafuu kupitia Addis Ababa, na hapo watasubiri muda wa saa 14 kabla ya kuingia Tanzania tarehe 15. Baada ya Krismasi wana harusi Mombasa. Watavuka Horohoro tarehe 27 na kurudi Tanga tarehe 29, kisha watapanda ndege kurudi Uingereza tarehe 4 Januari.

Kama wangeruka moja kwa moja kutoka Ulaya hadi Dar es Salaam na kutulia Tanga, kadi isingeulizwa. Zile saa 14 za Addis Ababa zinaileta mara ya kwanza, na harusi ya Mombasa inaileta mara ya pili, kwa sababu wakirudi Horohoro watakuwa wanatoka Kenya. Hapo ndipo mtoto anapotaka hesabu ya peke yake. Tarehe 15 ana miezi 11, kwa hiyo hadaiwi kitu. Tarehe 29 ameshatimiza mwaka, na pasipoti yake inaonyesha hivyo. Chanjo hii kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi 9, kwa hiyo anaweza kuchanjwa pamoja na wazazi kabla ya safari. Ujumbe unaosema tu kwamba "watoto wa chini ya mwaka mmoja hawahitaji kadi" ungewakwamisha mpakani wakiwa na mzigo wa zawadi za harusi.

Halafu kuna siku 10. Kadi haianzi kufanya kazi siku ya sindano. Huanza siku ya kumi baada yake, kwa kuwa mwili unahitaji muda wa kujenga kinga. Aliyechanjwa tarehe 4 Desemba kadi yake inaanza kutambuliwa tarehe 14, na tarehe 15 anapita bila neno. Aliyesubiri mpaka tarehe 8 kadi yake inaanza tarehe 18. Akifika tarehe 15 ana sindano mkononi na kadi mfukoni, lakini kisheria ni kama hajachanjwa. Wakala anayeona tarehe za tiketi anaweza kuifanya hesabu hii kwa dakika moja na kuandika wazi: "Mchanjwe kabla au ifikapo tarehe 4 Desemba, katika kituo kilichoidhinishwa kutoa chanjo ya homa ya manjano." Daktari wa kawaida wa mtaani huenda hana idhini hiyo, na kadi isiyo na muhuri wa kituo kilichoidhinishwa haina thamani.

Kadi yenyewe isomwe kabla ya kutoka kliniki. Jina lifanane na la pasipoti, tarehe ya chanjo iandikwe, namba ya toleo la chanjo iwepo, na mtoa huduma atie sahihi kwa mkono wake, kwa sababu muhuri haushiki nafasi ya sahihi. Mtoto asiyejua kuandika husainiwa na mzazi. Baba wa familia yetu ana kadi ya zamani iliyoandikwa kwamba muda wake uliisha mwaka 2017. Bado ni nzima. Tangu tarehe 11 Julai 2016, chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa, kadi ya homa ya manjano inadumu maisha yote ya aliyechanjwa, hata zile zilizotolewa kabla ya siku hiyo zikiwa na kikomo cha miaka 10. Asikate ile tarehe na kuandika nyingine juu yake, maana kadi iliyofutwafutwa inaweza kukataliwa. Na wale wanaouza kadi bila sindano, ambao kila mji unao, wakala asiwataje hata kwa mzaha.

Babu ndiye mgumu zaidi. Chanjo hii imetengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa watu wa miaka 60 na zaidi wanaochanjwa kwa mara ya kwanza, madhara makubwa, ingawa ni nadra, hutokea zaidi kuliko kwa vijana. Wenye kinga dhaifu na wenye mzio mkali wa mayai nao wana tahadhari zao. Daktari akiona babu asichanjwe anaweza kumwandikia barua ya msamaha, kwa Kiingereza au Kifaransa, yenye sahihi na muhuri. Afisa wa mpakani anapaswa kuizingatia, lakini halazimiki kumruhusu apite hivihivi. Anaweza kumweka chini ya uangalizi au karantini hadi siku 6, kwa kuwa huo ndio muda ambao virusi hujificha kabla ya dalili kutokea. Kwa maoni yangu hapa wakala ana dawa bora kuliko barua: ambadilishie babu tiketi asisubiri muda mrefu Addis Ababa, naye babu abaki Tanga wenzake wakienda harusini. Hapo hakuna atakayemdai kadi wala hahitaji kuchanjwa.

Sasa malaria, ambayo haijali pasipoti. Tanga ni nchi ya malaria, Mombasa vilevile. Hata wakipanda Lushoto kupunga hewa, baridi ya kule isiwadanganye. Ushauri wa safari huhesabu maeneo yote ya Tanzania yaliyo chini ya mita 1,800 kuwa na hatari, na mji wa Lushoto uko chini ya hapo.

Shida kubwa ya familia kama hii ni mazoea. Mama amekulia Tanga, ameugua malaria utotoni mara zisizohesabika, na anaamini damu yake inaijua. Iliijua kweli. Kinga ile hujengwa kwa kuumwa na mbu wenye vimelea mara kwa mara, na mtu akikaa miaka Birmingham inapungua. Watoto waliozaliwa huko hawakuwahi kuwa nayo. Wengi wa wanaogunduliwa na malaria Uingereza ni watu waliotoka kutembelea ndugu zao Afrika, wala si watalii wa mbugani waliojipaka dawa ya mbu tangu jua linapotua. Sentensi hii ingestahili kuwa ya kwanza katika ujumbe wa wakala mwenye wateja wa diaspora: "Hata kama umezaliwa Tanzania, unahitaji dawa ya kinga."

Ni dawa gani, ataamua daktari au mfamasia. Ujumbe utaje tarehe tu. Ya mchanganyiko wa atovakuoni na proguanili, ijulikanayo sana kwa jina la Malarone, huanzwa siku moja au mbili kabla ya kufika, humezwa kila siku pamoja na chakula, na huendelea siku 7 baada ya kuondoka. Kwa mama, akianza tarehe 13 Desemba, kidonge cha mwisho ni tarehe 11 Januari: vidonge 30. Akipewa doksisaiklini, ambayo ni nafuu kwa bei lakini hufanya ngozi iungue upesi juani, ataendelea wiki 4 baada ya kurudi, mpaka tarehe 1 Februari: vidonge 51. Tofauti inatokana na mahali dawa inapofanyia kazi. Ile ya kwanza inavipiga vimelea vikiwa bado ndani ya ini, kabla havijatoka. Doksisaiklini hutegemea zaidi kuvisubiri vikishaingia kwenye damu, na vya kuchelewa vinaweza kutoka ini wiki kadhaa baada ya kuumwa na mbu. Anayeacha dawa siku anayotua nyumbani anavifungulia mlango.

Dozi ya mtoto hupimwa kwa uzito wake, na maziwa ya mama anayemeza dawa hayamkingi. Mseto unaouzwa kila duka la dawa Tanga ni tiba ya aliyekwisha kuugua, si kinga, kwa hiyo lile wazo la "tutanunua hukohuko" lifutwe mapema. Chanjo za malaria zipo, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi tatu za kwanza kuijaribu ile ya RTS,S katika huduma za kawaida mwaka 2019, lakini zimetengenezewa watoto wanaoishi kwenye malaria, si wageni wa wiki tatu. Chandarua chenye dawa na losheni yenye DEET ya asilimia 20 hadi 50 vinabaki palepale, hasa kuanzia magharibi mpaka alfajiri.

Mawakala wengi hukomea hapo, mteja akishapanda ndege. Mimi ningewashauri watume ujumbe wa pili, utakaoingia kwenye simu ya mama wakati theluji ya Januari imeanza na kila mtu kazini anapiga chafya: "Karibuni nyumbani. Msiache vidonge kabla ya tarehe 11. Mmoja wenu akipata homa wakati wowote katika mwaka huu, na hasa katika miezi mitatu ya kwanza, aende hospitali siku hiyohiyo, aseme kabla ya lolote kwamba alikuwa Tanzania na Kenya, na aombe kipimo cha malaria, hata kama dawa alimeza zote. Kipimo cha kwanza kikisema hana na homa ipo, arudi kupimwa tena."