Koma ya Kiingereza haina nguvu ya "-ka-"

Tazama sentensi hii ya Kiswahili: Asha alikwenda sokoni, akanunua samaki. Haina kosa. Sasa itazame katika daftari la mwanafunzi anayesahihisha zoezi la Kiingereza:

on friday asha went to the market, she bought a fish. its eyes are clear and its still fresh.

Koma hiyo ni kosa, na chanzo chake ni lugha yetu. Katika "akanunua", kiungo "-ka-" ndicho kinachofunga tukio la pili kwenye la kwanza; koma inakaa tu pembeni. Kiingereza hakina kiungo hicho ndani ya kitenzi. Ukiandika "she bought", kamba imekatika, na koma peke yake haiwezi kuzishika sentensi mbili.

Ili kulitambua kosa hili, funika koma kwa kidole, usome upande wa kushoto, kisha wa kulia. Kila upande ukiwa na kiima na kitenzi chake na ukajitosheleza, weka nukta, au ongeza kiunganishi baada ya koma. Usiifute koma ukaacha pengo tupu, maana hapo sentensi zinagongana zaidi. Wala usipime kwa urefu. Sentensi ya maneno sita inaweza kuwa na kosa hili, na ya maneno arobaini ikawa safi. Mimi napenda njia ya tatu, iliyo karibu zaidi na "-ka-" yetu: Asha went to the market and bought a fish. Kiima cha pili kimeondoka, na koma haihitajiki.

Baada ya mipaka, nenda kwenye ritifaa. Sisi tumeizoea katika "ng'ombe", ambako ni sehemu ya sauti. Kwa Waingereza huonyesha umiliki, kama Asha's, au herufi zilizoachwa. "Its" ndiyo inayowatesa wengi, kwa kuwa ikimiliki haina ritifaa, sawa na "his". Isome kama "it is". "It is eyes are clear" haileti maana, basi usiweke. "It is still fresh" inaleta, basi weka.

Herufi kubwa ziache mwisho, kwa sababu kila nukta mpya huzaa herufi kubwa mpya. Matokeo ni haya:

On Friday Asha went to the market. She bought a fish. Its eyes are clear, and it's still fresh.

Sasa chukua kalamu, usahihishe hii. Kaka ni mmoja tu:

my brothers phone is new, he bought it in july.

Ina makosa manne, na ukitumia nukta, utapata herufi ya tatu ya kubadilisha.