Nakili Njia, Acha Matawi

Mkaguzi wa chama cha akiba na mikopo anajumlisha salio la wanachama kwenye kompyuta, kuanzia namba ndogo kwenda kubwa. Amekwisha kumpita mwanachama namba 20. Wakati huohuo, dirishani, karani anahamisha shilingi 10,000 kutoka akaunti ya namba 20 kwenda ya namba 60. Mkaguzi akifika kwa namba 60 anakuta pesa zimeshaingia, ilhali kwa namba 20 alizihesabu kabla hazijatoka. Jumla yake inazidi kwa shilingi 10,000, na hakuna aliyeiba wala aliyekosea hesabu.

Dawa iliyozoeleka ni kufuli: karani angoje mpaka mkaguzi amalize, na foleni iendelee kurefuka. Nyingine ni kumtolea mkaguzi nakala ya daftari zima, jambo ambalo kwa chama chenye wanachama milioni moja ni kunakili rekodi milioni moja kwa ajili ya ripoti moja. Dawa ya tatu ndiyo inayonivutia. Karani anaandika, mkaguzi anasoma, hakuna anayemngoja mwenzake, na kinachonakiliwa ni kidogo mno.

Tuchukue daftari la wanachama saba. Kompyuta imewapanga katika mti wa utafutaji, ambao huchorwa kichwa chini miguu juu: mzizi uko kileleni. Mzizi ni namba 50. Kushoto kwake yuko 30, kulia yuko 70. Chini ya 30 wako 20 na 40, na chini ya 70 wako 60 na 80. Kila kituo, yaani nodi, kina namba ya mwanachama, salio lake, na anwani mbili tu: ya nodi ya kushoto na ya nodi ya kulia. Anayemtafuta 60 anaanzia 50, anaona 60 ni kubwa, anakwenda kulia kwa 70, anaona ni ndogo, anakwenda kushoto. Amefika.

Sasa karani anataka kumwongezea namba 60 zile shilingi 10,000 bila kuigusa nodi ya zamani hata kidogo. Anatengeneza nodi mpya ya 60 yenye salio jipya. Lakini 70 bado inaelekeza kwa 60 ya zamani, nayo hairuhusiwi kubadilishwa. Basi inatengenezwa 70 mpya: kushoto inaelekeza kwa 60 mpya, na kulia inaelekeza kwa 80 yuleyule wa siku zote. Kwa sababu hiyohiyo inahitajika 50 mpya, yenye 70 mpya upande wa kulia na 30 ya zamani upande wa kushoto. Nodi tatu zimenakiliwa, zile tu zilizo njiani kutoka mzizi hadi palipobadilika. Ubavu wote wa kushoto unatumiwa na mizizi yote miwili kwa pamoja.

Bado kumtoza namba 20. Zinanakiliwa 20 na 30, na 50 mpya inaelekezwa kwa 30 mpya. Hiyo 50 mpya haihitaji kunakiliwa tena, kwa kuwa hakuna aliyekwisha kuiona. Ingali mikononi mwa karani. Kazi ikikamilika ndipo karani anatangaza: mzizi wa daftari sasa ni huu. Kuanzia hapo kila anayefungua daftari anaingilia mzizi mpya na kuona pesa zimetoka na zimeingia. Mkaguzi, aliyeshika mzizi wa zamani tangu mwanzo, anaendelea na daftari kama lilivyokuwa alipolifungua, na jumla yake inatoka sawasawa.

Kwa wanachama saba tumenakili nodi tano, na msomaji anaweza kuguna. Faida inajitokeza daftari linapokua. Mti wa rekodi milioni moja uliosawazishwa vizuri una kina cha ngazi kama 20, hivyo badiliko moja linanakili nodi kama 20 na kuziacha nyingine zote zilivyo. Ila neno “uliosawazishwa” lisipuuzwe. Ukiwaingiza wanachama kwa mfuatano, 1, 2, 3, bila kanuni ya kusawazisha, mti unageuka mnyororo, na kila anayeongezwa chini kabisa anasababisha mnyororo mzima unakiliwe.

Mbinu hii ina masharti mawili yanayowatega waandishi wa programu. La kwanza, nodi isiwe na anwani ya mzazi wake. Kama 40 ingekuwa na anwani ya kurudi juu, ingerudi kwa 30 ipi, ya zamani au mpya? Ili jibu liwe sahihi katika kila toleo ingebidi 40 nayo inakiliwe, kisha kila kilicho chini yake, na mti mzima ungefuata. La pili, asiwepo mtu wa kufanya mkato kwa kusahihisha salio ndani ya nodi iliyokwisha kutangazwa. Kosa hilo halipigi kelele. Utaligundua ukijumlisha toleo la zamani leo, ukalijumlisha tena kesho, ukapata majibu mawili.

Mfano halisi wa mbinu hii ni LMDB, hifadhidata ndogo iliyoandikwa na Howard Chu wa kampuni ya Symas kwa ajili ya mradi wa OpenLDAP. Humo nodi ni ukurasa mzima wa diski, kwa kawaida wa baiti 4,096, wenye rekodi nyingi, kwa hiyo mti ni mpana na mfupi. Ukibadilisha rekodi ya baiti chache, kurasa zote za njiani zinaandikwa upya. Zikiwa nne, umeandika zaidi ya baiti 16,000. Ndiyo gharama yake, na kwa kazi ya kuandika mfululizo usiku kucha ni gharama nzito. Badala yake unapata usalama. Faili lina kurasa mbili za kutunza anwani ya mzizi, zinazoandikwa kwa zamu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukurasa mmoja bado unaelekeza kwenye mti wa mwisho uliokamilika, nao haujaguswa.

Kurasa za zamani hazitupwi hovyo. Hutumika upya pale tu ambapo hakuna msomaji anayeweza kuzihitaji tena. Hapo ndipo wengi wanapoumia: programu ya ripoti inafungua usomaji asubuhi, inasahau kuufunga, na kila kilichoachwa na karani tangu saa ile kinabaki kimeshikiliwa. Faili linavimba ingawa idadi ya wanachama haijaongezeka, mpaka linagonga kikomo lililowekewa na kutoa kosa la `MDB_MAP_FULL`. Wengi hukimbilia kuongeza kikomo. Huko ni kuahirisha tatizo.

Kabla ya kufanya hivyo, endesha `mdb_stat -r` ukilipa folda ya hifadhidata yako. Litakuonyesha kila msomaji pamoja na namba ya muamala anaousoma. Ambaye namba yake imeachwa nyuma sana na wenzake ndiye anayezuia kurasa. Kama programu yake ilikwisha kufa, `mdb_stat -rr` litaifuta nafasi yake. Kama ingali hai, irekebishe ifunge usomaji mara tu ripoti inapokamilika.