Chunusi za taya: bei ya tyubu na bei ya kovu

Kwenye kaunta ya farmasi, iwe Kenya, Katuba au katikati ya Lubumbashi, dawa ya chunusi ina bei moja tu: ile ya tyubu. Unatajiwa franka au dola, unalipa, unaondoka. Itadumu siku ngapi, na kama itafika pale panapouma, hayo hayasemwi.

Kwa chunusi ndogo za kipaji hilo halina madhara makubwa. Kwa vile vijipu vya taya vinavyokaa chini ya ngozi, ambavyo unavisikia kwa kidole unaponawa uso siku mbili kabla havijaonekana, na ambavyo kwa wanawake wengi hurudi wiki moja kabla ya hedhi, kukosea hesabu hulipwa kwa kovu.

Tufanye hesabu hiyo kwa mtu mmoja: mwanamke wa miaka 27, kilo 60, mwenye vijipu 4 au 5 vya ndani kila mwezi kuanzia sikio hadi kidevu. Sitataja bei, kwa sababu mzigo unaopita Kasumbalesa leo na ule wa mwezi ujao haulingani. Nitataja idadi. Wewe zidisha kwa bei utakayoambiwa.

Kwanza, hakikisha ni chunusi

Kama ni kijipu kimoja tu, daima mahali palepale pa taya, kinatoa usaha, kinakauka kisha kinarudi, angalia meno kabla ya kununua krimu. Jino lililooza mzizi linaweza kutoboa njia hadi kwenye ngozi ya nje, hata kama haliumi. Picha moja ya eksirei kwa daktari wa meno itakuokolea miezi ya kupaka bure.

Kwa mwanaume anayenyoa ndevu karibu sana, vipele vya taya na shingo mara nyingi ni nywele zilizojikunja na kuingia ndani. Aache wembe wiki 4. Vikipungua, jibu amelipata bila kulipa kitu.

Tyubu za kaunta zinaweza nini

Chunusi ya ndani huanza tundu la unywele likiziba. Mafuta yanajaa, bakteria wanaongezeka, na ukuta wa tundu unapasuka chini kabisa. Mwili unavamia yaliyomwagika, na uvimbe ule mgumu ni vita hivyo. Ndiyo maana kukamua hakufai: unausukuma mzigo ndani zaidi na kupanua jeraha.

Tyubu mbili ndizo zenye thamani hapa. Ya kwanza ni benzoili peroksaidi, inayoua bakteria ndani ya tundu. Nunua ya asilimia 2.5 ukiipata, au 5. Ile ya 10 haizidi sana kwa nguvu, lakini inaunguza zaidi, na ngozi nyeusi iliyounguzwa huacha doa. Ujue pia kwamba inachuja rangi ya taulo, foronya na kola ya nguo. Ya pili ni adapalini ya asilimia 0.1, inayopakwa usiku ili matundu yasizibe. Marekani iliruhusu iuzwe bila karatasi ya daktari mwaka 2016. Mwenye mimba asiitumie.

Zote mbili hupakwa eneo lote linalotoa chunusi, maana kazi yake ni kuzuia kijipu kijacho. Kile kilichokwisha kuvimba hazikifikii. Anza usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana, hasa Juni na Julai hapa kwetu, wakati baridi na vumbi la kiangazi vimekwisha kukausha uso. Nusu gramu kwa siku yatosha, kiasi cha mstari unaofunika pingili ya mwisho ya kidole cha shahada. Tyubu ya gramu 30 inakwenda siku 60, na majaribio ya haki ni wiki 12. Kwa hiyo hesabu ni tyubu 2 za kila dawa. Anayenunua moja, akaacha wiki ya tatu kwa sababu ngozi inabanduka, ametupa pesa yake.

Sabuni na losheni za asidi ya salisili husaidia vipele vyeusi na vyeupe vya juu. Kwa vijipu vya taya, hiyo pesa iweke kando.

Tyubu inayofanya kazi kwa siku tatu

Kuna krimu ambayo muuzaji ataisifu kuliko zote, kwa kuwa uvimbe unashuka haraka na uso unang'aa. Mara nyingi ndani yake mna klobetasoli au betamethasoni, zile za jamii ya kortizoni zinazotumika pia kujichubua. Ukiitumia wiki kadhaa usoni, yenyewe huzaa chunusi, hukondesha ngozi, na ukiacha ghafla uso huwaka moto. Muulize waziwazi: «Papa, hii iko na kortizoni ndani?» Kisha geuza boksi usome mwenyewe. Boksi lisiloandika kilichomo, lirudishe. Vidonge vya kunenepesha vyenye deksamethasoni navyo huleta chunusi. Kama unavimeza, hakuna tyubu itakayokusaidia. Lakini usivikate kwa siku moja kama umevitumia kwa muda mrefu. Mwone daktari avipunguze polepole.

Doksisaiklini: rahisi, lakini ya muda

Hapa kwetu kidonge hiki kinapatikana kwa urahisi, na hapo ndipo kishawishi kilipo. Dozi ya kawaida ni miligramu 100 kwa siku, vidonge 84 kwa wiki 12. Kinapunguza uvimbe wa ndani kweli, lakini kinatakiwa kiambatane na benzoili peroksaidi, la sivyo bakteria wanakizoea. Baada ya miezi 3 au 4 kinasimamishwa. Anayekimeza siku 10, akaacha, akarudia mwezi ujao, analipa na kuwafundisha bakteria. Meza na bilauri nzima ya maji, usilale papo hapo, maana kikikwama kooni kinachoma. Jua nalo litakuunguza upesi. Si cha mwenye mimba.

Shida yake kwa mwanamke wetu ni hii: kama chanzo ni homoni, kidonge kikiisha vijipu vinarudi.

Dawa ya moyo inayofika kwenye taya

Spironolaktoni ni dawa ya zamani ya moyo na shinikizo la damu. Inazuia homoni za kiume zinazoamsha tezi za mafuta, ambazo kila mwanamke anazo kiasi. Mwaka 2023 matokeo ya jaribio la Uingereza lililohusisha wanawake 410 yalionyesha kwamba inasaidia, na kwamba faida ilikuwa kubwa zaidi wiki ya 24 kuliko ya 12. Kwa hiyo inataka subira.

Walianza na miligramu 50 kwa siku, wakapanda hadi 100 baada ya wiki 6. Ukitumia vidonge vya 50, ni 42 kwa wiki 6 za kwanza na 252 kwa 18 zinazofuata: jumla 294. Zidisha kwa bei ya kidonge kimoja kabla hujaikataa. Haitolewi kwa wanaume, maana inaweza kuwavimbisha matiti, wala kwa mwenye mimba au figo mbovu. Kwa hiyo hapa daktari ni lazima.

Kabla ya kuilipia, tazama pia uzazi wa mpango unaotumia. Sindano ya miezi 3 na vijiti vya mkononi vinaweza kuzidisha chunusi kwa baadhi ya wanawake, ilhali vidonge vyenye homoni mbili mara nyingi huzipunguza. Hedhi ikiwa inaruka miezi, au nywele nene zikiota kidevuni, daktari apime homoni kwanza.

Isotretinoini: ghali mara moja

Hii ndiyo dawa yenye nguvu kuliko zote. Inasinyaza tezi za mafuta, na wengi hawarudii tena. Kozi nzima huhesabiwa kwa uzito: kiwango kinachotumika sana ni miligramu 120 hadi 150 kwa kila kilo. Kwa kilo 60, kiwango cha chini ni miligramu 7,200, yaani vidonge 360 vya miligramu 20. Akimeza 2 kwa siku, pamoja na chakula chenye mafuta, ni miezi 6.

Ongeza gharama ambazo hazimo kwenye boksi: kipimo cha mimba kabla na kila mwezi, kipimo cha ini na mafuta ya damu kabla na baada ya wiki kadhaa, mafuta ya midomo kila siku. Isotretinoini huharibu vibaya mtoto tumboni. Uzazi wa mpango wa uhakika uanze mwezi 1 kabla na uendelee mwezi 1 baada. Haimezwi pamoja na doksisaiklini, maana zikikutana zinaweza kupandisha shinikizo ndani ya kichwa. Huzuni isiyo ya kawaida iripotiwe mara moja. Anayekuuzia bila karatasi wala kipimo hakukupunguzia bei. Amekuachia hatari yote.

Kwa kijipu kimoja kikubwa kabla ya harusi, daktari wa ngozi anaweza kuchoma tone la triamsinoloni lililozimuliwa. Kinashuka ndani ya siku 2 au 3. Ikizidi, ngozi hubonyea au hupauka, kwa hiyo si kazi ya kila mwenye sindano.

Lini usisubiri wiki 12

Simama pembeni ya dirisha, mwanga ukupige kwa ubavu, kisha pitisha kidole polepole juu ya alama za zamani. Doa jeusi lililo bapa litafifia kwa miezi. Kibonyeo unachokisikia kwa kidole hakiondoki chenyewe, wala hakuna krimu ya kukijaza. Na ukisikia mwinuko mgumu unaokua kuliko kijipu kilichouzaa, huo ni kovu la kuvimba, na taya ni moja ya sehemu zinazolipenda.

Ukikuta kibonyeo au mwinuko hata mmoja mpya, au vijipu vikiungana chini kwa chini, au kama ndugu zako huota makovu ya kuvimba, usimalize hata tyubu ya kwanza. Nenda kwa daktari wa ngozi, wala usichague dawa kwa bei ya boksi.

| Njia | Kiasi cha kuzidisha kwa bei | Kinachosahaulika |
|---|---|---|
| Tyubu mbili za kaunta | Tyubu 4 za g 30, wiki 12 | Haishushi kijipu kilichokwisha kuvimba |
| Doksisaiklini | Vidonge 84, pamoja na benzoili | Huisha, chanzo kikabaki |
| Spironolaktoni | Vidonge 294 vya mg 50, wiki 24 | Daktari na uzazi wa mpango |
| Isotretinoini | Vidonge 360 vya mg 20, miezi 6 | Vipimo na mimba |

Mwanamke wetu wa kilo 60, mwenye madoa bapa tu, aanze na tyubu 4 huku akipanga siku ya kumwona daktari kuhusu homoni. Pacha wake mwenye vibonyeo vitatu shavuni aruke hatua hiyo. Tyubu zitamgharimu wiki 12, na kila mwezi wa kungoja unaweza kumwachia shimo lingine.